Jinsi ya kufunga bei ya dola utakayolipa baada ya miezi mitatu

Tuchukue mfano mmoja tuende nao hadi mwisho. Kuna mfanyabiashara wa spea za pikipiki, duka lake liko Kirinyaga Road, Nairobi. Saplaya wake wa Guangzhou amekubali alipwe siku 90 baada ya mzigo kupakiwa melini, na ankara ni dola 40,000. Leo benki inamuuzia dola kwa shilingi 130, kwa hiyo hesabu ya haraka inampa deni la 5,200,000. Bei aliyowapa wauzaji wa Thika na Machakos ameijenga juu ya hiyo 130. Dola ikifika 138 siku ya kulipa, deni litakuwa 5,520,000, na hizo 320,000 za ziada hawezi kumtoza mteja aliyekwisha kununua. (Bei na riba zote za mfano huu nimezichagua ili hesabu ifuatike; za kwako utazipata benki siku hiyo.)

Mkataba wa fowadi ni makubaliano na benki kwamba siku fulani ijayo itakuuzia kiasi fulani cha dola kwa bei mnayoafikiana leo. Nawe utanunua, upende usipende.

Hatua ya 1: Elewa ni bei gani unayofunga

Wengi huingia benki wakidhani watapewa 130 ileile, kisha wakiambiwa 131.80 wanaona wameibiwa. Hawajaibiwa, angalau si kwa sehemu kubwa. Bei ya fowadi ni bei ya leo pamoja na tofauti ya riba kati ya shilingi na dola. Wala si utabiri wa benki kwamba dola itapanda.

Tazama benki inavyofanya upande wake. Ikishakuahidi dola 40,000 baada ya siku 90, haikai kubahatisha. Inanunua dola leo na kuziweka zizae. Tuseme riba ya dola ni asilimia 4.5 kwa mwaka. Kwa siku 90 hiyo ni asilimia 1.125, kwa hiyo benki inahitaji dola 39,555 tu leo ili zifike 40,000. Kwa 130, hizo ni kama shilingi 5,142,150. Shilingi hizo nazo zina gharama: tuseme asilimia 10 kwa mwaka, ambayo kwa siku 90 inaongeza takriban 126,800. Jumla inakaribia 5,268,950. Gawanya kwa 40,000 upate 131.72.

Ukitaka kuifanya kwenye simu yako, iko hivi, F ikiwa bei ya fowadi, S bei ya leo, rKES riba ya shilingi na rUSD riba ya dola:

```
F = S × (1 + rKES × 90/365) / (1 + rUSD × 90/360)
F = 130 × 1.02466 / 1.01125 = 131.72
```

Riba ya dola huhesabiwa kwa mwaka wa siku 360 na ya shilingi kwa siku 365. Ndiyo sababu vigawanyo vimetofautiana. Kwa kuwa riba ya shilingi kwa kawaida iko juu ya ile ya dola, bei ya fowadi huwa juu ya bei ya leo. Pengo la riba likipungua, na nyongeza inapungua.

Benki ikikuambia 131.80, basi senti 8 juu ya hesabu yetu ndiyo faida yake, kama shilingi 3,200 kwa mkataba mzima. Ikikuambia 133.50, hapo uliza maswali.

Hatua ya 2: Pata limiti kabla hujahitaji bei

Benki inakuona kama mtu anayeweza kutoroka dola ikishuka, kwa hiyo inataka kinga. Mteja mwenye historia nzuri hupewa limiti ya fowadi, yaani kiasi cha juu anachoweza kufunga bila amana, pamoja na ovadrafti yake. Asiye nayo hutakiwa kuweka amana. Tuseme benki imetaka asilimia 10: kwa mfano wetu ni kama 527,000 zitakazofungiwa hadi siku ya kulipa. Uliza jambo moja zaidi ambalo watu husahau: dola ikishuka sana katikati, je, benki itakuitisha amana ya ziada? Kama jibu ni ndiyo, weka akiba yake, kwa sababu simu hiyo huja wakati pesa zako ziko kwenye mzigo.

Limiti huchukua muda kupita kamati ya mikopo. Anza nayo wakati bado unajadiliana na saplaya.

Hatua ya 3: Beba karatasi

Ankara ya proforma au ankara kamili, mkataba wa manunuzi kama upo, na fomu ya IDF kama umeshaichukua. Benki inataka kuona kwamba kuna mzigo wa kweli nyuma ya dola unazofunga.

Hatua ya 4: Chagua tarehe kwa uangalifu

Hapa ndipo mikataba mingi huharibika. Saplaya wetu anahesabu siku 90 tangu tarehe ya hati ya upakiaji, wala si tangu siku mlipoelewana kwa simu. Meli ikipakia wiki mbili baadaye, deni nalo linasogea wiki mbili. Ukiwa na hati mkononi, chagua tarehe siku mbili tatu kabla ya deni ili pesa ziwe na nafasi ya kusafiri hadi benki ya saplaya. Ukiwa huna, omba fowadi yenye dirisha, yaani unaruhusiwa kuchukua dola siku yoyote kati ya tarehe mbili. Benki itakupa bei inayoilinda yenyewe ndani ya dirisha lote, kwa hiyo usiombe mwezi mzima kama wiki moja inatosha.

Angalia pia sikukuu. Tarehe ikiangukia sikukuu ya Kenya au ya Marekani, dola hazitembei siku hiyo.

Hatua ya 5: Piga simu, uliza vitu viwili tofauti

Mwambie mtu wa dawati la dola: "Nipe bei ya leo ya kuuziwa, halafu nipe pointi za siku 90." Pointi ni ile nyongeza ya riba juu ya bei ya leo. Benki inayokupa namba moja tu inaweza kuficha faida yake ndani ya bei ya leo, ambako huioni. Piga benki ya pili dakika hiyohiyo, si mchana, maana bei ya saa tatu asubuhi na ya saa nane haziwezi kulinganishwa.

Ukishasema "nimechukua", umefunga. Simu hizo hurekodiwa na neno lako ni mkataba. Uthibitisho wa maandishi ukifika, kagua kiasi, tarehe, bei, na kwamba wewe ndiye mnunuzi wa dola. Kosa likionekana siku hiyohiyo hurekebishwa kwa simu. Likionekana miezi mitatu baadaye huwa kesi.

Hatua ya 6: Siku ya kulipa

Shilingi 5,272,000 ziwe kwenye akaunti asubuhi. Benki inazikata, inakupa dola 40,000, na unazituma. Dola iwe 125 au 145 sokoni, hesabu yako ni hiyohiyo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, dola ikishuka je? Si nitakuwa nimejifunga mwenyewe?*

Ndiyo, umejifunga. Mfano wa karibu tunao. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160, na watu walikuwa wanakimbilia benki kufunga bei kwa hofu ya bondi ya dola bilioni 2 ambayo serikali ilipaswa kuilipa Juni. Februari serikali ikauza bondi mpya ya dola bilioni 1.5 na kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani. Hofu ikatulia, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa chini ya 135. Aliyefunga dola 40,000 juu ya 160 alilipa zaidi ya milioni moja juu ya jirani yake ambaye hakufunga. Lakini mwulize kama mzigo wake ulimtia hasara. Kama aliupangia bei akitumia ileile aliyoifunga, swali linabaki moja: je, jirani ameshusha bei dukani? Huo ushindani ndio hatari ambayo fowadi haiondoi, na kwa bidhaa ambazo bei yake hufuata dola haraka ni hatari kubwa.

*Mimi nauza vitambaa Eastleigh. Kwa nini nisinunue dola leo nikaziweka kwenye akaunti ya dola?*

Dada, kama hizo shilingi 5,200,000 zimelala bure, fanya hivyo, ni rahisi na hakuna limiti ya kuomba. Ila wengi wetu tungezitoa kwenye ovadrafti. Kwa riba ya asilimia 14, siku 90 zitakugharimu karibu 179,500. Fowadi katika mfano wetu inazidi bei ya leo kwa 72,000, na pesa zako zinaendelea kuzunguka dukani. Ukitakiwa kuweka amana, ongeza gharama ya pesa iliyofungiwa kabla ya kulinganisha.

*Saplaya amechelewesha mzigo mwezi mzima na tarehe ya fowadi imefika. Nafanyaje?*

Benki humaliza mkataba wa kwanza kwa bei ya siku hiyo kisha inakupa mwingine wa siku 30. Tuseme umefunga 131.80 na leo benki inanunua dola kwa 127.80. Ni kana kwamba umezinunua na kuzirudisha papo hapo, kwa hiyo unalipa shilingi 4 kwa kila dola, yaani 160,000 taslimu. Hujazipoteza zote, kwa sababu mkataba mpya utaanza kwenye bei ya chini. Lakini zinatoka mfukoni leo, kabla hata mzigo haujafika Mombasa. Mpigie mtu wa dawati wiki moja kabla, usingoje asubuhi ya tarehe yenyewe.

*Na saplaya akifuta oda kabisa?*

Mkataba wako ni na benki, na saplaya hayumo ndani yake. Utaumaliza kwa bei ya soko: dola ikiwa imepanda utapata tofauti, ikiwa imeshuka utailipa. Kwa saplaya mpya usiyemjua vizuri, ngoja angalau athibitishe tarehe ya kupakia ndipo ufunge.

*Naweza kufunga nusu tu?*

Unaweza, na kwa maoni yangu ndivyo anavyopaswa kufanya mtu ambaye washindani wake hawafungi. Funga dola 20,000 kwa 131.80 na nyingine uzinunue siku ya kulipa. Dola ikifika 138 utalipa jumla ya 5,396,000. Ikishuka 125 utalipa 5,136,000. Uliza tu kiwango cha chini ambacho benki yako inakubali, kwa sababu baadhi ya madawati hayashughulikii mikataba midogo na mengine huitoza pointi kubwa zaidi.