Kujiandikisha kupiga kura Uingereza ukiwa na pasipoti ya nyumbani

Mwaka 2024 uchaguzi mkuu wa Uingereza ulipangwa tarehe 4 Julai, na mwisho wa kujiandikisha ukawa usiku wa tarehe 18 Juni. Mpwa wangu, anayefanya kazi ya kutunza wazee huko kaskazini, alijaza fomu ya mtandaoni mwishoni mwa Mei akiwa kwenye basi la kurudi kutoka zamu ya usiku. Alinitumia picha ya skrini: "Mjomba, nimeshajiandikisha." Hakuwa amejiandikisha. Alikuwa amepeleka ombi tu, na tofauti ya mambo hayo mawili karibu imkoseshe kura.

Kabla ya fomu, tuondoe kwanza swali ninaloulizwa kila mara: je, si lazima uwe raia wa Uingereza? Si lazima. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali ana haki ya kupiga kura katika chaguzi zote, za halmashauri na za Bunge, hata kama amefika mwaka jana kwa viza ya masomo au ya kazi. Kenya, Tanzania na Uganda zimo. Rwanda imo tangu 2009, na Msumbiji tangu 1995. Unachotakiwa ni kuwa na makazi hapa na ruhusa ya kuingia au kukaa ambayo bado ni hai. Kama viza imekwisha lakini uliomba nyongeza kabla haijaisha, ruhusa ya zamani inaendelea mpaka ujibiwe. Ndiyo ile watu wa mambo ya viza huiita 3C. Mwenye ombi la hifadhi ambalo halijajibiwa kwa kawaida hana ruhusa ya namna hiyo, kwa hiyo asijaze.

Burundi na Kongo si wanachama wa Jumuiya ya Madola, na Somalia pia. Mkongomani anayeishi Leeds hana kura hadi apate uraia wa Uingereza. Lakini akihamia Glasgow au Cardiff mambo yanabadilika, kwa sababu Uskoti na Welisi zimewaruhusu wageni wa nchi yoyote wenye ruhusa ya kukaa kupiga kura za halmashauri na za mabunge yao wenyewe. Kura ya Bunge la London ndiyo inayobaki imefungwa kwao. Nimekutana na mzee mmoja kutoka Bukavu aliyekaa Uskoti miaka mingi bila kujua hilo.

Watanzania huuliza la zaidi: nikipiga kura huku, nitaonekana nimechukua uraia wa pili? Hapana. Unapiga kura kama Mtanzania anayeishi Uingereza, na fomu yenyewe inakutaka uandike uraia wako ulio nao. Ila haya yote usimsimulie ndugu yako aliye Marekani kana kwamba yanamhusu. Kule asiye raia akijiandikisha kwa uchaguzi wa taifa, hasa akiweka alama kwamba ni raia, anaweza kufukuzwa nchini na kufungiwa mlango wa kurudi. Fomu za leseni ya udereva katika baadhi ya majimbo huuliza kuhusu kujiandikisha, na watu wameshaharibikiwa kwa kubofya "ndiyo" bila kusoma.

Sasa fomu. Iko kwenye www.gov.uk/register-to-vote, ni bure, na kweli huchukua kama dakika tano. Tovuti yoyote inayokudai pesa kwa kazi hiyo ifunge. Utaulizwa unaishi nchi gani, uraia, tarehe ya kuzaliwa, jina, namba ya bima ya taifa ambayo sote tunaiita NI, na anwani. Uraia wako usipouona kwenye machaguo ya mwanzo, chagua nchi nyingine kisha andika jina la nchi yako.

Sehemu ya jina ndiyo iliyomwangusha mpwa wangu. Pasipoti yake ina majina matatu: lake, la baba, na la babu, na la babu ndilo lililowekwa mahali pa jina la ukoo. NI yake ilitoka kwa majina hayohayo. Lakini kazini wanamwita kwa jina lake na la baba, kadi yake ya kazini imeandikwa hivyo, na ndivyo alivyojaza. Fomu ikishatumwa, jina, tarehe ya kuzaliwa na NI hulinganishwa na kumbukumbu za serikali. Kwake NI ilisema mtu fulani, jina la ukoo likasema mtu mwingine, na ombi likakwama. Kwa hiyo toa barua au hati yako ya NI, iweke mbele yako, na uandike jina herufi kwa herufi kama lilivyo pale, hata kama hakuna anayekuita hivyo. Majina yanayoandikwa mara pamoja, mara kwa kutenganishwa, yaangalie mara mbili.

Kama huna NI, usiache fomu. Kuna nafasi ya kueleza kwa nini huna, na ombi linapokelewa. Litachukua muda zaidi tu kwa sababu afisa atalazimika kukuomba ushahidi mwingine.

Anwani nayo ina mitego. Unaandika postikodi, kisha orodha ya nyumba inatokea nawe unachagua yako. Katika nyumba zilizogawanywa vyumba, orodha inaweza kuonyesha "Flat 2" wakati mlango wako umebandikwa "2A", au isionyeshe chumba chako kabisa. Usichague kilicho karibu ili mradi uendelee. Chagua kuandika anwani mwenyewe na uiandike kama barua zako za benki zinavyokuja. Ukiwa umehama ndani ya miezi 12, fomu itauliza ulikotoka. Ijibu, kwani ndivyo ofisi ya kule inavyojua kukuondoa. Mwanafunzi mwenye makazi mawili, ya chuoni na ya nyumbani, anaweza kuandikishwa kote kuwili, lakini kwenye uchaguzi mkuu atapiga kura mahali pamoja tu. Baada ya hapo kuna swali la daftari la wazi, yaani nakala inayoweza kuuzwa kwa yeyote anayeitaka. Mimi hukataa. Kukataa hakugusi haki yako ya kura.

Ukimaliza, skrini itakuambia ombi limetumwa, na ukiwa umetoa barua pepe utapata ujumbe. Hapa ndipo watu wengi hupumua na kufunga simu. Lakini Uingereza haina daftari moja la taifa. Fomu inakwenda kwa afisa wa uandikishaji wa halmashauri unayoishi, kaunsili kama tunavyosema mtaani, na ni yeye anayeamua na kukuingiza kwenye daftari lake. Kwa sababu hiyo hakuna tovuti ya kuandika jina lako na kuona kama umo, tofauti na wengi wetu tunavyotarajia tukikumbuka kuhakiki taarifa kwa simu kule nyumbani. Wengine hujaza fomu upya ili waone itasema nini. Haisemi kitu, inaongeza ombi la pili juu ya meza ileile, na wakati wa uchaguzi mameza hayo yanakuwa yamefurika.

Mpwa wangu alishtuka alipoona mwenzake wa chumba cha pili amepata kadi ya mpiga kura kwa posta naye hana. Tarehe 13 Juni nikamwambia apige simu. Namba ya ofisi yako ya uandikishaji unaipata kwa kuandika postikodi kwenye tovuti ya Tume ya Uchaguzi ya huku, electoralcommission.org.uk. Alipopiga aliambiwa ombi lipo, halijakubaliwa, na barua ya kumwomba uthibitisho ilishatumwa. Tukaitafuta. Ilikuwa kwenye kibaraza cha ndani cha nyumba ya pamoja, chini ya rundo la matangazo ya piza, ina alama ya kiatu.

Barua ilitaka nakala ya pasipoti kuthibitisha yeye ni nani. Aliipiga picha, akaituma kwa barua pepe iliyoandikwa kwenye barua ile, pamoja na maelezo ya mistari miwili: jina la ukoo sahihi ni hili la kwenye pasipoti, lile nililoandika ni la baba. Asiye na hati kabisa anaweza kutafuta mtu anayemfahamu, asiye ndugu yake na ambaye mwenyewe ameandikishwa, amtolee ushahidi kwa maandishi. Lakini njia hiyo ni ya mwisho na hula siku nyingi. Daftari la uchaguzi hufungwa siku chache kabla ya kura, na ushahidi ukifika baada ya hapo utakusaidia uchaguzi ujao.

Simu ya kuhakiki usiipige siku ya pili. Mpe afisa wiki moja au mbili, au usubiri barua ya kuthibitisha kwamba umeandikishwa. Unapopiga, usiulize tu "Je, nimo?" Omba wakusomee jina lilivyoandikwa, anwani yote hadi namba ya chumba, na uulize kama umewekwa kwa chaguzi zote. Hilo la mwisho ni muhimu kwetu, kwani uraia ukiingizwa vibaya unaweza kujikuta na kura ya halmashauri tu. Watakuuliza maswali ya kukutambua kwanza, na hawatakupa habari za mtu mwingine hata awe mkeo. Anayependa kuona kwa macho anaweza kwenda ofisini kulisoma daftari kamili chini ya usimamizi. Unaruhusiwa kunakili kwa mkono tu, si kupiga picha.

Mpwa alipigiwa simu kwamba amekubaliwa. Kadi yake ilichelewa, lakini kadi si sharti la kupiga kura. Sharti ni kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa, hata iliyokwisha muda, ilimradi sura bado inafanana nawe. Asubuhi ya Julai 4 alitoa pasipoti ya nyumbani, karani akatelezesha rula juu ya orodha hadi kwenye jina la babu, akamkatia karatasi.

Mwezi wa tisa alihama nyumba. Daftari halimfuati mtu, kwa hiyo alijaza fomu upya kwa anwani mpya, safari hii akiwa amekaa mezani, hati ya NI mbele yake.