Somo: Kupitisha mwanga wa vioo vya rangi hadi sakafuni kwenye Blender

Nyumba nyingi za zamani za Mji Mkongwe, Zanzibar, zina vioo vya rangi juu ya milango na kwenye roshani. Jua la asubuhi likipita hapo, sakafu hupata mabaka mekundu, ya kijani na ya bluu. Nilipojaribu kuyatengeneza kwa mara ya kwanza ndani ya Cycles, kioo kiling'aa vizuri lakini sakafu ilibaki na giza, na vitone vya rangi vikatapakaa kama mchanga.

Sababu ni hii. Cycles inapotaka kujua kama sehemu fulani ya sakafu inapata jua, hutuma mwale kutoka sakafuni kuelekea kwenye jua. Mwale huo ukigonga `Glass BSDF` unahesabiwa kuwa umezibwa. Mwanga unaobaki ni ule unaobahatika kupinda ndani ya kioo na kuliangukia jua lenyewe, na jua ni dogo mno kupatikana kwa bahati. Ndiyo maana unaona vitone.

Kwa hiyo tunakifanya kioo kiwe kioo mbele ya kamera, lakini mbele ya mwale wa kivuli kiwe kama karatasi ya rangi inayopitisha mwanga.

1. Tengeneza kila kipande cha kioo kama kisanduku chenye unene wa milimita 4. Usitumie bapa la uso mmoja, maana Cycles italichukulia kama mwanzo wa bonge la kioo lisilo na mwisho.

2. Unganisha nodi hivi:

```
Light Path: Is Shadow Ray   -> Math (Maximum)
Light Path: Is Diffuse Ray  -> Math (Maximum)
Math            -> Mix Shader, Fac
Glass BSDF      -> Mix Shader, Shader (juu)
Transparent BSDF-> Mix Shader, Shader (chini)
```

`Is Diffuse Ray` tumeiweka ili mwanga wa anga nao uingie chumbani, si wa jua peke yake.

3. Kwenye `Light Paths > Caustics`, zima `Refractive`. Ukiiacha, mwanga uleule unaweza kuingia kwa njia mbili, na vile vitone vitarudi.

4. Sasa rangi, na hapa ndipo wengi hukwama. Kisanduku kina nyuso mbili, kwa hiyo mwanga unachujwa mara mbili. Tuseme nataka kioo chekundu kipitishe 0.81 ya nyekundu, 0.04 ya kijani na 0.01 ya bluu. Nikiandika namba hizo moja kwa moja, nyekundu itashuka hadi 0.66 na kijani itakaribia sifuri. Natafuta kipeuo cha pili cha kila moja: 0.9, 0.2 na 0.1. Hizo ndizo ninazoandika kwenye `Transparent BSDF`.

5. Kwenye taa ya `Sun`, acha `Angle` ibaki karibu nyuzi 0.53, upana wa jua halisi tunavyoliona angani. Wengi huiweka sifuri ili mchoro wa kioo utokee sakafuni wazi kabisa, na picha inaonekana kama imetupwa na projekta. Hesabu yake ni nyepesi: kila mita moja ya safari ya mwanga hulainisha ukingo kwa takriban milimita 9. Katika chumba changu kioo kiko mita 2.1 juu ya sakafu na jua liko nyuzi 45, kwa hiyo mwanga unasafiri karibu mita 3 na ukingo unalainika kwa milimita 27 hivi. Ukanda wa risasi wa milimita 6 kati ya vipande hauachi mstari mweusi sakafuni. Rangi mbili zinaingiliana tu. Fremu ya mbao ya sentimita 5 inaonekana bado. Ukutani, sentimita 30 kutoka kwenye kioo, hata ule ukanda mwembamba unasomeka. Tofauti hiyo kati ya ukuta na sakafu ndiyo inayomfanya mtazamaji aamini.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Mombasa: Fundi, baka langu jekundu limekuwa la waridi, karibu jeupe. Nimekosea namba?*

Namba zako huenda ziko sawa. `AgX` hupausha rangi kadiri mwanga unavyozidi. Punguza `Strength` ya jua, mfano kutoka 10 hadi 4, kisha uangalie tena. Usiongeze ukali wa rangi kwenye kioo, utaua mwanga bure.

*Kutoka Dar es Salaam: Kaka, sakafu yangu ni ya saruji nyekundu. Kijani na bluu zinatoka nyeusi, lakini nyekundu iko safi.*

Ndivyo inavyotakiwa, dada. Saruji nyekundu hurudisha nyekundu na kumeza bluu. Ipake sakafu nyeupe kwa muda: mabaka yote yakijitokeza, kioo hakina kosa. Halafu irudishe saruji yako, ila angalia kama bluu yake ni 0.00. Saruji halisi haimezi kila kitu, ipe hata 0.05.

*Kutoka Muscat: Nimeweka pazia jepesi na mashada ya majani nje ya dirisha, sakafu imekuwa nyeusi kabisa.*

Majani na pazia lako vinatumia uwazi? Basi kila uso unaohesabika unakula hatua moja ya `Transparent` iliyo kwenye `Max Bounces`, na kawaida zipo 8. Kioo peke yake kinakula mbili. Panda hadi 24 ujaribu.