Hesabu Jumatano zako kwanza: azimio la kazi la muhula wa pili, Hisabati Darasa la Sita

Nafundisha shule ya msingi huku Tandahimba. Kwa miaka kadhaa nilitengeneza azimio la kazi kama nilivyofundishwa na walimu walionitangulia: nachukua idadi ya wiki za muhula, nazidisha kwa vipindi vya wiki, nagawa mada, nasaini, napeleka kwa mwalimu mkuu. Karatasi ilipendeza. Mwaka mmoja nikafika katikati ya Novemba mada ya eneo haijaguswa hata kidogo, na watoto wale wale Januari wakaingia Darasa la Saba na kiporo changu. Sikuwa nimekosa bidii. Nilikuwa nimehesabu wiki, wakati vipindi vinapotea kwa siku.

Hapa nitaonesha ninavyofanya sasa, kwa muhula wa pili wa 2026. Kwa ajili ya mfano, muhula unaanza Jumatatu 6 Julai na kufungwa Ijumaa 4 Desemba, na likizo fupi ni wiki ya 14 hadi 18 Septemba. Zako zitoe kwenye kalenda ya mihula ya Wizara, kisha uende nazo hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Weka ratiba ya darasa kando ya kalenda

Wiki kuanzia 6 Julai hadi 4 Desemba ni 22. Ondoa ya likizo fupi, zinabaki 21. Ratiba yangu ya Hisabati ina vipindi 6 kwa wiki: kimoja Jumatatu, kimoja Jumanne, viwili vya mfululizo Jumatano, kimoja Alhamisi, kimoja Ijumaa. Kwa hiyo 21 mara 6 ni vipindi 126. Wengi wetu tunaishia hapo na kuanza kugawa mada. Usigawe bado.

Hatua ya 2: Futa siku moja moja, na uangalie ni siku gani ya wiki

Chukua kalenda ya ukutani na penseli. Saba Saba mwaka huo ni Jumanne, inaondoka na kipindi 1. Nane Nane ni Jumamosi, haikugusi, hata kama mabasi yote yanaelekea Ngongo kule Lindi. Maulidi inaangukia kwenye Jumatano ya 26 Agosti au karibu yake, kwa kuwa mwezi ndio unaoamua, hivyo naiandika kwa penseli na kuikatia vipindi 2. Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, 14 Oktoba, ni Jumatano tena: 2.

Halafu kuna siku ambazo si sikukuu lakini darasa lako halisomi. Mtihani wa kumaliza Darasa la Saba huchukua siku mbili za Septemba, na upimaji wa Darasa la Nne siku mbili nyingine baadaye. Kwetu madarasa mengine hubaki nyumbani siku hizo, kwa kuwa vyumba vinatumika na sisi walimu tunapangiwa usimamizi shule za jirani. Tarehe kamili zinatoka Baraza la Mitihani. Kabla hazijatoka naweka Jumatano na Alhamisi, 9 na 10 Septemba, kisha 21 na 22 Oktoba. Kila mara vinakwenda vipindi 3.

Jumlisha: 1, 2, 2, 3 na 3 ni 11. Kati ya hivyo 11, vinane ni vya Jumatano nne tu. Mwenzangu wa Sayansi mwenye vipindi vyake Jumatatu na Ijumaa hapotezi hata kimoja kwa siku hizi hizi. Ndiyo maana azimio la kunakili kwa mwenzako halikufai, hata kama mnafundisha darasa moja. Na kama mwalimu wa taaluma bado hajafunga ratiba, huu ndio wakati wa kwenda kumwomba vile vipindi viwili vya mfululizo vihamie Alhamisi. Mpelekee kalenda iliyofutwa, aone mwenyewe.

Nimebaki na 115.

Hatua ya 3: Majaribio, pamoja na siku zinazoyazunguka

Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye maazimio ya wenzangu ni kuandika "mtihani wa nusu muhula" kwenye kisanduku kimoja, basi. Jaribio lina marudio kabla yake na masahihisho baada yake. Usipoyapangia vipindi, yatachukua vya mada mpya bila kukuomba ruhusa.

Jaribio la nusu muhula naliweka wiki ya 31 Agosti. Jumatatu na Jumanne ni marudio, vipindi 2. Jumatano hadi Ijumaa shule nzima iko kwenye jaribio, vipindi 4. Jumatatu na Jumanne zinazofuata, tarehe 7 na 8 Septemba, narudisha karatasi na kusahihisha ubaoni, vipindi 2, kabla Darasa la Saba hawajaingia kwenye mtihani wao. Jumla 8. Ningeliweka jaribio wiki ya 7 Septemba, ningesahihisha baada ya likizo, na mtoto aliyekaa siku kumi hakumbuki tena aliwaza nini alipoandika jibu lile.

Mtihani wa mwisho wa mwaka unachukua wiki ya 23 Novemba, vipindi 6. Wiki iliyotangulia ni ya marudio, 6. Wiki ya mwisho ni masahihisho na ripoti, 6. Jumla 18. Majaribio ya mwezi ni mawili, mwisho wa Julai na mwisho wa Oktoba, kila moja kipindi 1 cha kufanya na 1 cha kusahihisha, yaani 4.

8, 18 na 4 ni 30. Kutoka 115 nabaki na 85.

Hatua ya 4: Wiki ya kwanza si wiki ya mada mpya

Jumatatu ya kufungua ni usafi na kugawa madaftari. Jumanne ni Saba Saba. Kuanzia Jumatano wapo baadhi, wengine bado kwenye sherehe za jando na unyago, ambazo huku kwetu hufanyika likizo ya katikati ya mwaka na mara nyingine huvuka tarehe ya kufungua shule. Ukianza mada ya sehemu siku hiyo, utaanza tena wiki ya pili. Kipindi cha Jumatatu nakihesabu kimepotea, na 4 zinazobaki ni za kukumbushia muhula wa kwanza. 85 toa 5 ni 80.

Kati ya hizo 80, nane naziacha wazi kama akiba. Kwenye azimio naandika "akiba", siandiki mada. Nilishaulizwa na mwalimu mkuu kwa nini nimeacha nafasi tupu, nikamwonesha kalenda na msimu wa korosho, akasaini.

Vipindi vya mada mpya ni 72. Si 126.

Hatua ya 5: Punguza mada kwa kuchagua

Nilipopitia muhtasari na kukadiria kila mada ingehitaji vipindi vingapi nikifundisha kwa raha, nilipata 84: sehemu 18, asilimia 14, mzingo na eneo 20, aljebra 20, takwimu 12. Zimezidi 12. Njia rahisi ni kukata kidogo kila mahali, na ndiyo mbaya zaidi, maana inadhoofisha hata mada inayobeba nyingine.

Mimi sehemu siigusi. Mtoto asiyeweza kurahisisha 25/100 hatafika popote kwenye asilimia. Inabaki 18. Asilimia inakuwa 12, kwa kuwa msingi wake umeshawekwa. Aljebra 18. Mzingo na eneo 16, na takwimu 8. Jumla 72. Nilichokata kwenye takwimu ni kuchora grafu ile ile mara tatu kwa data tofauti.

Hatua ya 6: Panga mada kwa hali ya wiki

Korosho huku huokotwa kuanzia Septemba, na Oktoba na Novemba mahudhurio yanashuka. Simlaumu mzazi. Lakini najua kwamba mada ambayo kila kipindi kinategemea cha jana haitakiwi kukaa hapo. Basi azimio langu likawa hivi:

- 13 Julai hadi 18 Agosti: sehemu, kisha asilimia. Jaribio la mwezi Alhamisi 30 Julai, masahihisho kesho yake.
- 19 hadi 28 Agosti: mzingo, vipindi 6, na akiba 2.
- 31 Agosti hadi 8 Septemba: marudio, jaribio la nusu muhula, masahihisho.
- Ijumaa 11 Septemba: akiba 1.
- 21 Septemba hadi 9 Oktoba: aljebra. Ni wiki tatu nzima zisizo na sikukuu, vipindi 18 kamili.
- 12 hadi 26 Oktoba: takwimu.
- Kuanzia 27 Oktoba hadi 13 Novemba: eneo, vipindi 10, jaribio la mwezi na masahihisho yake, akiba 5.
- 16 Novemba hadi mwisho: marudio, mtihani, masahihisho.

Tazama takwimu zilipokaa. Wiki ya 12 Oktoba ina vipindi 4 tu na ya 19 Oktoba ina 3, kwa ajili ya Nyerere na Darasa la Nne. Ni wiki zilizovunjika. Takwimu zinavumilia kuvunjika: somo la kusoma jedwali linajitegemea, na data ipo mlangoni, kilo za korosho ambazo kila nyumba imepeleka chama cha msingi. Aljebra ingekufa katika wiki hizo.

Kutenganisha mzingo na eneo kunawatia walimu wengine wasiwasi. Mimi naona kunasaidia, kwa sababu watoto huchanganya kanuni hizi mbili zinapofundishwa zimebanana.

Hatua ya 7: Tumia safu ya maoni kila Ijumaa

Andika namba mbili: vipindi vya mada vilivyopangwa hadi leo, na vilivyofanyika. Usiandike "imefundishwa vizuri". Mwisho wa wiki ya 7 Agosti azimio langu linasema 22: sehemu zote 18 na asilimia 4. Nikiona 20, nimechelewa 2, na akiba ya Agosti ni 2, naweza kuendelea. Nikiona 17, akiba hiyo haitoshi, na lazima niamue siku hiyo hiyo kitakachopungua mbele. Kwa kawaida huwa ni takwimu.

Maulidi ikitangazwa siku tofauti, nasogeza kwa penseli na kuandika tarehe ya mabadiliko pembeni. Mthibiti ubora aliyenitembelea alikagua safu hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Wiki ya mwisho ya muhula naandika ukurasa mmoja wa mada ambazo hazikwisha, kipindi zilipoishia na maswali ambayo wengi walikosa kwenye mtihani, na kumpa mwalimu atakayelipokea darasa Januari, hata kama mwalimu huyo ni mimi mwenyewe.