Mtoki baada ya kidonda kidogo
Ukijikata kidole cha mguu, kisha baada ya siku mbili ukahisi uvimbe kwenye kinena cha upande uleule, mara nyingi huo ni mtoki tu, yaani tezi inayopambana na vijidudu vya kidondani; huuma ukiguswa, huteleza chini ya vidole, na hunywea taratibu katika wiki mbili hadi nne kidonda kikipona. Usiukande, safisha kidonda chenyewe. Cha mkononi huvimbisha kwapa.

Homa, au michirizi myekundu inayopanda kutoka kidondani (kwenye ngozi nyeusi, papasa mstari unaouma), hutaka hospitali siku hiyohiyo. Tezi ngumu isiyouma, isiyosogea na inayozidi kukua ilhali kidonda kimeshapona, hunitia shaka zaidi kuliko inayouma, na daktari aipime.