SOMO: Sukari ikishuka ghafla kwa mgonjwa wa kisukari, hatua za kuchukua nyumbani

Habari zenu wanachama. Leo nazungumzia sukari kushuka, hasa kwa wazee wetu wanaotumia vidonge vya glibenclamide (wengi mnavijua kama Daonil). Familia nyingi hufanya vizuri dakika 20 za mwanzo, mgonjwa akizinduka wote wanashukuru Mungu na kutawanyika. Saa chache baadaye sukari inashuka tena, na safari hii hakuna anayemwangalia.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 67. Ana kisukari, anameza glibenclamide kila asubuhi. Usiku ameharisha, asubuhi amekunywa chai ya rangi tupu, lakini kidonge amekimeza kama kawaida. Kidonge hiki hulisukuma kongosho litoe insulini, awe amekula au hajala. Saa tano asubuhi binti yake anamkuta ameloa jasho, mikono inatetemeka. Anamuuliza jambo, mama anajibu kwa ukali usio wake, maneno yanaburuzika.

Hapo ndipo pa kushtuka. Dalili za mwanzo ni jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio na njaa ya ghafla. Ubongo ukianza kukosa sukari, mtu anakuwa mkali bila sababu, anachanganyikiwa, anaona ukungu, anaongea kama amelewa. Wapo wazee wanaoruka kabisa hatua ya kutetemeka na kuingia moja kwa moja kwenye kuchanganyikiwa, na nyumbani watu husema "mzee leo ana hasira" au "ni uzee tu". Mwenye kisukari akibadilika tabia ghafla, fikiria sukari kwanza.

Hatua ya 1: Pima, lakini usichelewe kwa ajili ya kupima. Kwenye mashine inayosoma mmol/L, chini ya 4 ni ya kushughulikia mara moja. Chini ya 3 ni hatari zaidi. Mashine ya mg/dL, chini ya 70. Futa kidole kwanza, maana kidole chenye mabaki ya tunda au sukari kitakudanganya. Mama yetu amesoma 2.6. Kama mashine haipo au vijiti vimekwisha, chukulia kwamba imeshuka na umpe sukari. Ikija kuonekana ilikuwa juu, vijiko vichache havitamwongezea madhara makubwa. Kumwacha na sukari iliyoshuka kunaweza kumuua.

Hatua ya 2: Hakikisha anaweza kumeza. Yuko macho, anakuelewa, anaweza kushika kikombe? Mkalishe wima. Kama hawezi, ruka hadi sehemu ya aliyepoteza fahamu hapo chini.

Hatua ya 3: Mpe sukari inayofika haraka kwenye damu. Kipimo cha mtu mzima ni takriban gramu 15: vijiko vidogo vya chai 4 visivyo na kilima, vikorogwe kwenye maji nusu glasi. Au soda ya kawaida, nusu ya chupa ya mililita 300. Au asali kijiko kikubwa kimoja. Soda isiyo na sukari haifai kabisa hapa. Chokoleti, maziwa, maandazi na wali pia siyo vya kuanza navyo, kwa sababu mafuta na wanga huchelewa kufika kwenye damu.

Hatua ya 4: Tazama saa, subiri dakika 15, pima tena. Hizi dakika ni ngumu kwa familia. Mtu bado anatetemeka, kila anayeingia anataka kumwongezea kitu. Kama anameza vizuri na hazidiwi, subiri. Mama yetu baada ya dakika 15 amesoma 3.5. Imepanda, lakini bado iko chini ya 4, kwa hiyo anapewa vijiko vingine 4. Dakika 15 nyingine: 5.1. Maneno yamenyooka, anauliza kwa nini watu wamejaa chumbani. Umerudia mara tatu na bado iko chini ya 4? Nendeni hospitali huku mkiendelea kumpa.

Hatua ya 5: Chakula. Sukari ya vijiko haikai muda mrefu. Mara ikivuka 4, mpe uji na mkate, au viazi, au ndizi.

Hatua ya 6: Usiondoke. Glibenclamide hufanya kazi hadi saa 24, na figo zikiwa dhaifu, au mtu akiwa amepungukiwa maji kwa kuharisha kama mama huyu, huendelea zaidi ya hapo. Hivyo hata akisoma 5.1 na kucheka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo awekwe chini ya uangalizi, na asimeze kidonge kinachofuata kabla daktari hajamwona. Njiani mbebe sukari na mashine. Daktari mwulizeni pia kama kidonge chenyewe kibadilishwe: Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, linasema glibenclamide haifai kwa wenye zaidi ya miaka 60.

Aliyepoteza fahamu au mwenye degedege: usimmiminie chochote mdomoni, si soda wala maji ya sukari, vitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, hakikisha anapumua, tafuta gari sasa hivi. Usimchome insulini. Kama mnayo sindano ya glukagoni na mlifundishwa kuitumia, mchomeni. Mkifika hospitali semeni mlangoni kabisa: "ana kisukari, anatumia dawa hii", na muwaonyeshe pakiti.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada nesi, baba anatumia pia atenolol ya presha. Sukari ikishuka hatetemeki, analoa jasho tu. Ni kawaida?

Ndiyo, ndugu yangu. Dawa za kundi hilo hufunika kutetemeka na mapigo ya moyo, jasho hubaki. Kwa baba, jasho lisilo na sababu litoshe kukufanya uchukue mashine.

Mimi natumia metformini peke yake. Niwe na hofu hii?

Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari hadi hatari. Hofu inakuja ikichanganywa na insulini au vidonge vya jamii ya glibenclamide, au ukinywa pombe bila kula.

Shikamoo. Mama mkwe amefunga Ramadhani, saa kumi jioni amesoma 3.6. Anasema imebaki kidogo, atavumilia.

Marahaba mwanangu. Afungue sasa. Chini ya 3.9 (au 70) hafungi tena siku hiyo, hata kama adhana imekaribia. Ampate sheikh anayemwamini amweleze kuhusu ruhusa ya mgonjwa, na kabla ya Ramadhani ijayo aonane na daktari mapema kupanga dawa upya.

Mume wangu yuko kwenye insulini. Usiku shuka zinaloa jasho, asubuhi kichwa kinamuuma, lakini akipima asubuhi sukari iko juu. Inawezekana ilishuka?

Inawezekana, dada. Mwamsheni saa tisa usiku kwa siku chache, mpime, muandike namba. Msipandishe dozi kwa sababu ya namba ya asubuhi kabla daktari hajaziona namba hizo za usiku.