SOMO: Kufungua akaunti benki, na lile swali la "pesa zako zinatoka wapi?"

Habari zenu ndugu zangu. Nina kibanda cha uwakala Ngamiani, hapa Tanga, na hakuna wiki inayopita bila mtu kunikalia kwenye benchi na malalamiko yale yale: "Dada, hela ni yangu, mbona benki wananihoji kama mwizi?" Leo naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hatua ya 1. NIDA. Nenda na kadi, au ile namba yenye tarakimu 20. Kama umeisahau, piga *152*00# ufuate maelekezo. Tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na tarehe uliyozaliwa, kwa hiyo zisome. Kama kuna kosa, ni afadhali uligundue wewe kabla ya karani.

Hatua ya 2. Barua ya serikali ya mtaa, benki ikiitaka. Iwe na picha yako na muhuri.

Hatua ya 3. TIN na leseni, kama akaunti ni ya biashara.

Hatua ya 4. Alama za vidole. Zinalinganishwa na zile ulizoacha NIDA. Kama unafanya kazi ya mkonge au ya saruji, ngozi ya vidole huwa imelika na mashine haisomi. Nawa, kausha, jaribu kidole kingine.

Hatua ya 5. Kazi yako, chanzo cha fedha na kiasi unachotarajia kuingiza kwa mwezi.

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo nilipoumia.

Nilipofungua akaunti yangu nilikuwa nauza kanga. Kwenye fomu nikaandika "biashara ndogo", na kwenye kiasi cha mwezi nikaweka shilingi 400,000. Nilijaza haraka nikidhani ni utaratibu tu wa ofisi. Baadaye tukauza nyumba ya marehemu baba kule Makorora, na mgawo wangu ukawa milioni 9, taslimu mkononi. Mtu mmoja akanishauri nisiingize zote kwa mkupuo, nitaulizwa maswali. Nikamsikiliza. Jumatatu nikaweka milioni 3 kwa wakala mmoja, Jumanne milioni 3 kwa wakala mwingine, Alhamisi milioni 3 kaunta. Ijumaa nikaenda kutoa za kumlipa fundi, nikaambiwa akaunti imezuiwa kwa uhakiki.

Nililia pale kaunta. Karani akaniwekea mbele fomu yangu mwenyewe, mwandiko wangu, ile 400,000. Hebu pigeni hesabu: 400,000 kwa miezi 12 ni milioni 4 na laki 8. Mimi nimeingiza karibu mara mbili ya hiyo kwa siku nne, vipande vinavyolingana, sehemu tatu tofauti. Mashine ya benki haijui kama baba yangu amefariki. Inachokijua ni kile nilichoandika na kile nilichofanya, na hivyo viwili havikukubaliana.

Kuvunja pesa vipande ili usiulizwe ni moja ya dalili ambazo watumishi wa benki hufundishwa kuzitafuta, kwa sababu ndivyo wanavyofanya wenye pesa za dawa za kulevya, rushwa na ujangili. Pesa chafu ikiwa kwenye gunia haina kazi. Ikishaingia benki, ikahamishwa mara mbili tatu na kununua kiwanja, inafanana na jasho la mtu. Mlango mwepesi wa kuizuia ni ule wa kuingilia. Sheria ya Kudhibiti Fedha Haramu ya mwaka 2006 inaitaka benki imjue mteja wake na itoe taarifa kwa kitengo cha serikali kinachofuatilia fedha haramu pale inapotia shaka. Benki isiyofanya hivyo inabanwa yenyewe.

Kilichonitoa ni karatasi tatu: uteuzi wa kaka yangu kuwa msimamizi wa mirathi kutoka mahakama ya mwanzo, mkataba wa mauziano ya nyumba, na karatasi ya mgawanyo tuliyosaini warithi wote. Ilichukua wiki tatu. Ningekwenda nazo siku ya kwanza na milioni 9 zote kwa pamoja, ningeulizwa, ningeonyesha, ningeondoka.

Kwa hiyo: andika kiasi cha kweli, pamoja na misimu. Kama unauza machungwa ya Muheza na pesa yako inakuja kwa miezi michache tu, sema hivyo hivyo. Usivunje pesa. Ukitarajia pesa kubwa isiyo ya kawaida yako, wapelekee karatasi kabla haijaingia.

—

Mpiga_Pasi: Kwa kifupi nahitaji nini kufungua akaunti?

Jibu: Hatua ya 1 hadi ya 5. Zisome, kaka.

BintiPangani: Shikamoo dada. Mimi na mama tunalima mwani, hatuna leseni wala mkataba. Chanzo cha fedha tutathibitisha na nini?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, swali zuri sana. Kwa kipato kidogo mara nyingi maelezo yanatosha: "mkulima wa mwani", mnavuna mara ngapi, mnamuuzia nani. Benki nyingi zina akaunti nyepesi inayofunguliwa kwa namba ya NIDA na kidole tu, ila ina ukomo wa kiasi. Ombeni mnunuzi awaandikie risiti kila anapopima mzigo, yenye tarehe, kilo na bei. Zitunzeni kwenye daftari. Siku mkitaka kupanda daraja, hizo ndizo ushahidi wenu.

Kijana_Chumbageni: Jamaa anataka nimpokelee milioni 5 kwenye akaunti yangu, anipe laki 2. Yeye hana NIDA. Si ni yake, mimi napitisha tu?

Jibu: Usifanye. Jina ni lako, kidole ni chako, na utakayeitwa polisi ni wewe. Mtu hatoi laki 2 bure kwa kazi ambayo akaunti yake mwenyewe ingeifanya.

Kijana_Chumbageni: Unanishutumu, mimi nimeuliza tu.

Jibu: Sikushutumu, nakuzuia. Jibu ni lile lile.

MzeeWaRaskazone: Binti yangu, nilizuiwa mwaka jana, kila nikimuuliza karani anasema "uhakiki unaendelea". Ni kiburi?

Jibu: Shikamoo baba. Si kiburi. Kama benki imepeleka taarifa ya shaka, sheria inamkataza mtumishi kumdokeza mteja. Kwa hiyo usimuulize kwa nini. Muulize, "mnahitaji karatasi gani kutoka kwangu?" Hilo anaweza kulijibu, na unazikabidhi siku hiyo hiyo ukisainiwa nakala.

Fundi_Makorora: Si juzi tumetolewa kwenye ile orodha ya kijivu ya FATF, shirika la kimataifa linalofuatilia nchi zilizolegea kuzuia fedha haramu? Sasa si walegeze?

Jibu: Tuliingizwa Oktoba 2022, tukatolewa Juni 2025, kweli. Ila tulitolewa kwa sababu ukaguzi uliimarishwa. Ukilegezwa tunarudi.

Bi_Mwana: Samahani nje ya mada. NIDA yangu ni Mwanahamisi, cheti cha kuzaliwa Mwanahamis. Nimerudishwa mara mbili.

Jibu: Pole bibie. Herufi moja inatosha kukurudisha. Nenda kwa wakili uape hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni yako, ambatanisha nakala za vyote viwili, kisha uulize benki kama wanaipokea au wanataka NIDA irekebishwe kwanza. Na kwenye fomu jaza jina kama lilivyo NIDA, kwa sababu ndilo mashine inalolisoma.