Kazi nne ndani ya miaka mitatu: mambo ya kupanga kabla ya mahojiano

Mwajiri akiona umehamahama, swali lake ni moja: je, nitatafuta mtu mwingine baada ya miezi mitano? Kwa hiyo, kabla ya siku ya mahojiano, andika kazi zako zote kwenye karatasi, na mbele ya kila moja uandike ni nani aliyeimaliza: mkataba, kampuni au wewe mwenyewe.

Tuchukue mfano wa karani wa hesabu hapa Nairobi. Westlands alikaa miezi 6, mkataba ukaisha. Eneo la Viwanda alikaa miezi 14, kampuni ikapunguza wafanyakazi. Barabara ya Mombasa aliondoka mwenyewe baada ya miezi 4, kwa sababu ya mishahara kuchelewa. Kilimani alikaa miezi 9 hadi mradi ukafungwa. Kumbe ni kazi moja tu aliyoiacha kwa hiari! Lakini wasifu wake hausemi hivyo, ndiyo maana anaonekana hatulii. Aandike "mkataba wa miezi 6" na "nafasi ya mradi" palepale kando ya cheo, maana anayepitia rundo la wasifu hatampigia simu kumuuliza.

Kisha akusanye ushahidi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlazimu mwajiri kumpa cheti cha utumishi yeyote aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi. Cheti hicho huonyesha tarehe ya kuanza, ya kumaliza na aina ya kazi, kwa hiyo hata ile ya miezi 4 inastahili cheti. Asijaribu kuvuta tarehe ili kuziba pengo. Michango ya NSSF huingia mwezi kwa mwezi, na mwajiri mpya akiomba taarifa hiyo, uongo utaonekana. Hapo hata zile sababu tatu za kweli hazitaaminika tena.

Jibu la ile kazi ya miezi 4 ndilo la kufanyia mazoezi kwa sauti, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huanza kulalamika. Linatosha hivi: "Mshahara ulichelewa miezi miwili mfululizo. Nilizungumza na msimamizi, hakukuwa na tarehe ya uhakika, nikatoa notisi na kukabidhi vitabu vikiwa vimesawazishwa hadi mwisho wa mwezi." Baada ya hapo anyamaze. Akiongeza habari za ugomvi wa ofisini, anayemsikiliza ataanza kujiuliza kama ugomvi ulikuwa wake.

Sheria hiyohiyo haimlazimu mwajiri kuandika lolote kuhusu tabia au utendaji wako. Neno zuri huliombi cheti, unamwomba mtu. Mpigie msimamizi wa ile kazi uliyokaa muda mrefu zaidi, umweleze nafasi unayoiomba, na umkumbushe kazi mliyofanya pamoja, kabla hajapigiwa simu na mgeni.